Kuhariri au kufuta: msomaji ataendelea kuyaona maneno ya kwanza?

Chapisho limeshatoka, watu wameshalisoma na wengine wameshajibu, ndipo unapogundua kuna kosa. Njia mbili zinakujia kichwani papo hapo: kulihariri palepale lilipo, au kulifuta na kuweka jingine. Wengi huamua kwa kuangalia ipi ni ya haraka. Mimi naona swali la kuanza nalo ni lingine kabisa: ukishabonyeza kitufe, msomaji ataweza kuyaona maneno ya kwanza au hataweza? Kuna mitandao ambayo kuhariri hakufichi kitu, na kuna mingine ambayo kuhariri kunafuta kila dalili ya ulichosema. Mtu asiyejua yuko upande gani huweza kuhariri akidhani ameficha, kumbe bado kinasomeka. Au akafuta bure kitu ambacho sahihisho la mstari mmoja lingekitosha.

Tuchukue tangazo moja tulifuate hadi mwisho. Kikundi cha kujitolea kinatangaza nafasi za mafunzo. Kimeandika: "Mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa tarehe 14, saa kumi jioni. Kwa maswali mpigieni mratibu," kisha namba ya simu. Baada ya saa tatu yanaonekana makosa mawili. La kwanza, siku ya mwisho ni Jumatano tarehe 12. La pili, tarakimu moja ya simu imekosewa, na namba iliyowekwa ni ya mtu asiyehusika kwa lolote, ambaye simu yake sasa haitulii. Yote mawili ni makosa ya chapisho hilo hilo, lakini dawa zake ni tofauti.

Mahali ambapo matoleo ya zamani hubaki wazi

Facebook ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Hapo unaweza kuhariri maandishi ya chapisho wakati wowote, hata baada ya miaka, na juu juu linaonekana jipya kabisa. Lakini msomaji akibonyeza vidoti vitatu kwenye kona ya chapisho, hukuta `View edit history`. Akiifungua, anaona matoleo yakiwa yamepangwa, kila moja na saa yake, likiwemo lile la kwanza. Si wewe peke yako unayeiona. Yeyote anayeruhusiwa kuliona chapisho anaruhusiwa kuiona historia yake. Chapisho likiwa la watu wote, historia nayo ni ya watu wote.

Sasa rudi kwenye ile namba ya simu. Msimamizi wa kikundi anahariri, anaweka namba sahihi, anaona sura mpya na kupumua. Ile namba ya yule mtu bado iko hatua mbili tu kutoka mbele ya macho ya kila msomaji. Hakuna kitufe cha kufuta toleo moja ndani ya historia na kuacha mengine. Kama kitu kilichokosewa ni namba ya mtu, jina la mtoto, anwani au siri ya mwingine, kuhariri Facebook hakujakiondoa.

X, iliyokuwa ikiitwa Twitter, ilikataa kuhariri kwa miaka mingi, ikaanza kuruhusu mwaka 2022 kwa wanaolipia tu. Wakati wa kuhariri una kikomo: mwanzoni ilikuwa nusu saa, baadaye ikawa saa moja. Chapisho lililohaririwa huwekewa alama kwamba limebadilishwa, na msomaji akiigusa anapelekwa kwenye matoleo yaliyotangulia. Kwa tangazo letu lenye saa tatu, mlango huo umeshafungwa hata kwa anayelipia. Kinachobaki ni kufuta au kujibu chini ya chapisho lenyewe.

Mastodon, mtandao unaoendeshwa kwenye seva nyingi za watu mbalimbali, nayo huonyesha historia, lakini ina jambo jingine ambalo natamani mitandao yote ingekuwa nalo: ukihariri, waliokuwa wamelisambaza chapisho lako hupata taarifa kwamba limebadilika. Naliona kuwa muhimu kuliko linavyotajwa. Aliyesambaza maneno yako ameyabeba kwa jina lake mbele ya watu wake. Ukiyabadilisha bila yeye kujua, umebadilisha na alichokisema yeye. Akipata taarifa anaweza kuangalia na kuamua kama bado anayasimamia au anajitoa.

Mahali ambapo alama huwekwa, maneno hupotea

Kundi la pili ni la mitandao inayomwambia msomaji kwamba kitu kimebadilishwa, bila kumwambia kilikuwa nini. WhatsApp ni mfano wake mkubwa. Tangu mwaka 2023 unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma. Pembeni ya saa hutokea neno la kuonyesha umehaririwa, basi. Mpokeaji akiugusa hapati toleo la zamani. Pia kuhariri hakupigi kengele upya, kwa hiyo aliyesoma "Ijumaa" dakika ya pili na kuifunga simu hatajua kwamba dakika ya kumi pamekuwa "Jumatano". Katika chaneli za WhatsApp, tofauti na makundi, wasimamizi wana hadi siku 30 za kuhariri.

Telegram ina uhuru mpana zaidi. Katika makundi na mazungumzo ya kawaida kikomo ni saa 48. Katika chaneli, msimamizi anaweza kuhariri chapisho hata la zamani. Alama ya kuhaririwa hukaa karibu na saa, lakini mfuatiliaji hana pa kulisoma toleo la kwanza. Wasimamizi wa makundi makubwa wana orodha yao iitwayo `Recent Actions`, na humo wanaweza kuona kwa saa 48 ujumbe ulikuwaje kabla ya kubadilishwa. Msomaji wa kawaida haoni hiyo.

Instagram iko upande huu pia. Maelezo ya chini ya picha unayahariri utakavyo na unapotaka, na maneno ya awali hayasomeki tena na wafuasi. Picha yenyewe huwezi kuibadilisha kwa nyingine. Kosa likiwa ndani ya picha, kwa mfano tarehe iliyochapwa kwenye bango, kuhariri maelezo kunaleta vitu viwili vinavyopingana: bango linasema 14, maelezo yanasema 12. Wengi husoma bango tu. Hapo ni kufuta na kuweka bango jipya, hata kama inauma kupoteza majibu.

Kwa tatizo la namba ya simu, kundi hili la pili ni rahisi zaidi, kwa sababu ukihariri, namba imetoweka kwenye macho ya wasomaji wote wanaofungua chapisho. Kwa tatizo la tarehe ni gumu zaidi. Fikiria mtu aliyejibu saa ya kwanza: "Vizuri sana, Ijumaa inanipa muda wa kupata barua ya mwalimu." Baada ya kuhariri kimya kimya, jibu lake linakaa chini ya tangazo linalosema Jumatano. Anayekuja baadaye atamwona kama mtu asiyejua kusoma. Na yeye mwenyewe, akirudi siku ya Alhamisi na kukuta nafasi zimefungwa, hana cha kuonyesha kwamba aliambiwa Ijumaa, isipokuwa kama alipiga skrinshoti. Alama ya "umehaririwa" haimsaidii, maana ingewekwa vile vile hata kama ulirekebisha nukta.

Upo ubaya mkubwa kuliko huo. Mtu anaweza kuandika jambo zuri, likapata sifa na kusambazwa, kisha akalibadilisha kuwa tangazo la utapeli huku sifa zote zikibaki zimening'inia juu yake. Mahali penye historia, ulaghai huo unafichuliwa kwa kubonyeza mara moja. Mahali pasipo na historia, inabidi waliosoma mapema wasimame kutoa ushahidi wa kumbukumbu zao. Ndiyo sababu mimi, kwa matangazo ya umma, huwa upande wa historia iliyo wazi, hata nikijua inamwaibisha mwandishi.

Kufuta kunaondoa nini hasa

Kufuta kuna nguvu moja ambayo kuhariri hakuna: chapisho likiondoka, na historia yake inaondoka. Katika Facebook chapisho lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka la akaunti kwa siku 30, ambako mwenye akaunti anaweza kulirudisha, wasomaji hawalioni. Instagram nayo ina sehemu ya vilivyofutwa karibuni yenye muda kama huo. Hiyo inasaidia mtu aliyefuta kwa hasira kisha akataka kurudisha.

Gharama yake ni majibu. Katika Facebook na Instagram, ukifuta chapisho yanakwenda nayo maswali ya watu na majibu uliyowapa, yakiwemo yale yaliyokuwa na faida. Waliokuwa wamelishea Facebook wanabaki na kisanduku kinachosema maudhui hayapatikani. Katika X, majibu ya watu yanabaki yakielea bila kinachojibiwa. Mastodon ina kitufe kinachofuta chapisho na papo hapo kukurudishia maandishi yake uyatengeneze upya, `Delete & re-draft`. Ni chepesi, lakini huvunja kila usambazaji uliokuwa umepatikana. Kisha, kwa kuwa nakala zimeshakwenda kwenye seva za watu wengine, ombi la kufuta linatumwa huko na si lazima kila seva ilitii.

Namna ufutaji unavyoonekana ni tofauti pia. WhatsApp huacha alama mahali ulipokuwa ujumbe, kwamba umefutwa, na una takriban siku mbili na nusu za kufuta kwa wote. Telegram haiachi chochote. Pengo lenyewe linazibika. Hiyo ya WhatsApp huwaudhi watu kwa sababu inaamsha udadisi, "alikuwa ameandika nini huyu?", lakini kwa tangazo inasaidia: msomaji aliyekuwa anakumbuka tarehe fulani anaona kuna kitu kimeondolewa, wala hakuota.

Halafu kuna vilivyo nje ya uwezo wa vitufe vyote viwili. Ujumbe wa WhatsApp au Telegram uliokwisha kupelekwa kwenye kundi jingine ni nakala inayojitegemea. Ukihariri au ukifuta wa kwanza, ule wa huko haubadiliki. Facebook ni kinyume: kushea kwa kawaida kunaelekeza kwenye chapisho lako lenyewe, kwa hiyo ukihariri, waliolishea nao wanaonyesha maneno mapya. Tofauti hii inabadilisha uamuzi. Pale kushea kunakofuata asili, kuhariri kunawafikia watu ambao hutawahi kuwajua. Pale nakala zinakojitegemea, sahihisho lako linabidi nalo lisafiri kama nakala. Barua pepe za taarifa na skrinshoti, hizo haziitikii mtu.

Tangazo letu, mtandao kwa mtandao

Tukianza na Facebook. Namba ya simu ndiyo inayoamua kwa sababu kila dakika inapopita yule mtu anaendelea kusumbuliwa. Kuhariri hakutoshi, historia inaionyesha. Hatua ya kwanza ni kulibadilisha chapisho lionekane na mwenye akaunti peke yake. Linatoweka kwa wasomaji pamoja na historia yake, nawe unapata nafasi ya kuyasoma majibu kwa utulivu na kunakili maswali ambayo watu wanastahili kujibiwa. Kisha weka chapisho jipya lenye tarehe na namba sahihi, likieleza waziwazi kwamba la awali limeondolewa na kwa nini. Likishakaa sawa, futa la zamani. Sishauri kulirudisha hadharani baada ya kuhariri, kwa kuwa historia itarudi pamoja nalo.

Kama namba ingekuwa sahihi na kosa ni tarehe tu, ningefanya kinyume chake kabisa Facebook: hariri, usifute. Historia inamlinda kila aliyejibu, wote waliolishea wanapata tarehe mpya, na hakuna aliyedhurika kwa neno "Ijumaa" kubaki likisomeka huko nyuma. Lakini usiiachie historia kazi ya kueleza, maana wachache wanajua iko wapi. Weka sahihisho juu kabisa, kabla ya tangazo.

Katika kundi la WhatsApp dakika 15 zimeshapita, kwa hiyo kuhariri hakupo. Futa kwa wote, tuma tangazo jipya, na sahihisho liwe ndani yake, ili anayelipeleka mbele alazimike kulipeleka nalo. Ukituma sahihisho kama ujumbe wa pili wa pembeni, litabaki kwenye kundi lako. Tangazo la zamani litaendelea kuzunguka peke yake kwingine. Pia angalia waliokuwa wameujibu ujumbe ule kwa kuunukuu. Kipande kilichonukuliwa huweza kubaki kikisomeka ndani ya jibu lao hata baada ya wewe kufuta, na kama namba ilikuwa humo, waombe nao wafute, au msimamizi wa kundi aondoe.

Katika chaneli ya Telegram ningehariri. Namba inaondoka, kiungo cha chapisho kinabaki kile kile, na majibu hayapotei. Kwa sababu hakuna historia ya msomaji, hapo mwandishi ndiye anayetakiwa kuiandika historia kwa mkono wake.

Sahihisho lenyewe liandikweje

Penye historia sahihisho linaweza kuwa fupi. Pasipo na historia lazima liseme vitu vitatu: kilichokuwa kimeandikwa, kilicho sahihi, na lini kimebadilishwa. Kwa tangazo letu lingesomeka hivi:

"SAHIHISHO, Jumatatu saa saba mchana: Awali tuliandika kwamba mwisho wa kutuma maombi ni Ijumaa tarehe 14. Tarehe sahihi ni Jumatano tarehe 12. Namba ya simu iliyokuwa hapa haikuwa yetu, tafadhali msiipige. Namba ya mratibu ni iliyo hapa chini."

Tazama kwamba tarehe ya zamani imerudiwa, namba ya zamani haikurudiwa. Msomaji aliyeshika "Ijumaa" anahitaji kuliona neno hilo ili ajue ni yeye anayeambiwa. "Tumerekebisha tarehe" peke yake haimwambii kitu, atadhani aliyonayo ndiyo iliyorekebishwa. Namba ya mtu, kinyume chake, kuiandika tena ili kuikanusha ni kuitangaza mara ya pili.

Makosa ya herufi hayahitaji haya yote. "Maobmi" likawa "maombi", hariri na uendelee na kazi zako. Mpaka ninaoutumia ni huu: kama kuna mtu angeweza kutenda au kujibu tofauti kwa sababu ya maneno ya kwanza, mabadiliko yatangazwe. Kwa mpaka huo, tarakimu moja katika bei ni kubwa kuliko aya nzima iliyopangwa upya kwa uzuri.

Mitandao hubadilisha kanuni zake mara kwa mara, na kile unachokiona ukiwa umeingia kwenye akaunti yako si lazima ndicho anachokiona mgeni. Kabla ya kuutegemea mtandao kwa matangazo mazito, jaribu. Weka chapisho la majaribio lenye neno lolote, lihariri, kisha lifungue kwa akaunti nyingine isiyo na usimamizi, au mwombe mwenzako alifungue kwa simu yake. Abonyeze alama ya kuhaririwa, abonyeze na vidoti vitatu, akwambie kama neno la kwanza amelipata. Mwambie alishee kabla hujahariri mara ya pili, uone kama kule aliposhea neno limebadilika. Mwisho lifute, naye akusomee kilichobaki kwenye skrini yake.